Barua ya kuomba jaribio la kemia lisahihishwe upya

Barua ya kumwomba mwalimu asahihishe upya jaribio la kemia kwa sababu njia sahihi ilikatwa ina hoja moja tu. Mwanafunzi anasema kwamba hatua alizofuata ni za kweli kikemia na zimemfikisha kwenye jibu sahihi, ila si zile zilizoandikwa kwenye mwongozo wa kusahihishia. Barua hiyo haiombi huruma wala nyongeza ya alama ili mtu apande daraja. Inaomba hesabu ipitiwe mstari kwa mstari, na nguvu yake yote hutoka kwenye kemia iliyomo ndani yake.

Ombi la aina hii huhusu zaidi maswali ya hesabu. Swali linalotaka maana ya asidi au rangi ya kiashiria huwa na jibu moja, na ubishi wake huishia kwenye kitabu cha kiada. Hesabu za moli ni habari nyingine. Kiasi kilekile cha dutu kinaweza kufikiwa kwa kuanzia gramu, ujazo au molariti, na mwanafunzi anayeelewa moli ni nini anaweza kuanzia popote. Mwongozo wa kusahihishia, kwa kawaida, huonyesha njia moja. Mwalimu mwenye rundo la karatasi za darasa zima juu ya meza huzoea kuona namba zilezile zikirudi kwa mpangilio uleule, na namba ngeni inapojitokeza, kalamu nyekundu hutangulia kabla ya kuuliza imetoka wapi.

Mahali hili linapotokea mara nyingi ni kwenye taitresheni, ile kazi ya bureti na pipeti ambayo wanafunzi wa sekondari huifanya maabara na kisha kuihesabu kwenye karatasi. Tuchukue swali la kawaida kabisa. Gramu 1.325 za sodiamu kaboneti isiyo na maji ziliyeyushwa katika maji hadi kupata sentimita za ujazo 250 za myeyusho. Sentimita za ujazo 25 za myeyusho huo zilihitaji sentimita za ujazo 24.50 za asidi hidrokloriki ili kukamilisha mmenyuko. Tafuta molariti ya asidi. Swali lina alama 6.

Mlinganyo wa mmenyuko huo ni Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + CO₂ + H₂O. Kila moli moja ya kaboneti inahitaji moli mbili za asidi, na uwiano huo wa moja kwa mbili ndio uti wa mgongo wa swali zima.

Mwongozo wa mwalimu, katika mfano huu, unatoa alama 1 kwa mlinganyo, alama 2 kwa kutafuta molariti ya sodiamu kaboneti, alama 2 kwa kuandika fomula na kuingiza namba, na alama 1 kwa jibu lenye kipimo chake. Moli moja ya sodiamu kaboneti ina gramu 106, kwa hiyo gramu 1.325 ni moli 0.0125. Moli hizo zimo katika robo desimita ya ujazo, hivyo molariti ni 0.05. Baada ya hapo inakuja fomula inayofahamika na kila mwanafunzi aliyepita maabara ya kemia:

MaVa / MbVb = na / nb

Herufi a inasimamia asidi na b inasimamia besi. Ukiweka 0.05, 25, 24.50 na uwiano wa mbili kwa moja, molariti ya asidi inatoka 0.102.

Mwanafunzi wa mfano wetu hakupita huko. Aliona kwamba sentimita 25 za pipeti ni sehemu ya kumi ya zile 250, akasema kwamba ndani ya pipeti kuna sehemu ya kumi ya gramu, yaani gramu 0.1325. Akagawa kwa 106, akapata moli 0.00125 za kaboneti. Akazidisha kwa mbili, akapata moli 0.0025 za asidi. Akagawa kwa desimita za ujazo 0.0245, akapata 0.102. Molariti ya kaboneti haikuonekana popote kwenye karatasi yake, kwa sababu hakuihitaji, na swali halikumtaka aitafute.

Ni rahisi kuona kosa la kusahihisha linavyozaliwa hapa. Jicho linalotafuta 1.325 linakutana na 0.1325, linadhani nukta imehama, na mstari unakatwa. Mwalimu anatafuta 0.05 na haipo, anatafuta fomula na haipo. Alama nne za katikati zinapotea, zinabaki mbili: ya mlinganyo na ya jibu la mwisho. Karatasi inarudi ikiwa na jambo ambalo mwanafunzi makini analigundua haraka: hatua zote zimekatwa ilhali jibu limewekewa vema. Jambo hilo peke yake halithibitishi kwamba njia ilikuwa sahihi, kwa maana jibu sahihi linaweza kupatikana kwa bahati, lakini linatosha kuwa sababu ya kukaa chini na kuichunguza hesabu upya.

Uchunguzi huo unatangulia barua, na ndio kazi kubwa kuliko barua yenyewe. Swali la kwanza la kujiuliza ni kama njia ingefaa pia kwa namba nyingine na dutu nyingine. Wapo wanafunzi wanaotumia MaVa = MbVb kwenye kila taitresheni. Chukua sodiamu haidroksaidi yenye molariti 0.1, sentimita za ujazo 25, iliyomalizwa na sentimita 20 za asidi. Asidi ikiwa ni hidrokloriki, fomula hiyo fupi inatoa 0.125, na ni sahihi, kwa kuwa moli moja inakutana na moli moja. Asidi ikiwa ni salfuriki, fomula ileile inatoa tena 0.125, na sasa ni makosa. Moli moja ya asidi salfuriki humaliza moli mbili za haidroksaidi, kwa hiyo jibu la kweli ni nusu yake, 0.0625. Mwanafunzi aliyepata alama ya jibu kwenye swali la hidrokloriki na kunyimwa alama za njia hana madai mazito, hasa kama hakuandika popote kwamba uwiano ni moja kwa moja. Mwalimu aliyemkata alikuwa anapima kama uwiano umeeleweka, na karatasi haikumwonyesha.

Njia ya gramu na moli inashinda jaribio hilo. Badilisha asidi, badilisha besi, na hatua zinabaki zilezile. Kinachobadilika ni namba ya kuzidishia inayotoka kwenye mlinganyo. Hiyo ndiyo alama ya njia iliyo sahihi kweli: uwiano wa mlinganyo unaonekana ndani yake kama hatua inayojitegemea.

Swali la pili ni kama hesabu yenyewe ilitunza namba zake. Njia ndefu ina hatari ambayo fomula haina, nayo ni kukadiria mapema. Mwanafunzi akiandika moli 0.00125 kama 0.001 kwa sababu namba ndogo zinamchosha, atapata moli 0.002 za asidi na molariti ya karibu 0.082 mahali pa 0.102. Njia ni sahihi, jibu si sahihi, na barua ya namna hiyo inaweza kuomba alama za hatua tu, si alama ya jibu. Mwenye barua anapaswa kulijua hilo kabla hajaandika, maana mwalimu ataliona mara moja.

La tatu ni maneno ya swali lenyewe. Swali likisema kwanza tafuta molariti ya sodiamu kaboneti, halafu tumia jibu hilo kutafuta molariti ya asidi, basi molariti ya kaboneti ni sehemu ya kilichoulizwa. Aliyeiruka ameacha swali bila kulijibu hata kama kemia yake haina doa. Swali letu lilisema tu kutafuta molariti ya asidi, na hapo njia iko wazi kwa yeyote mwenye njia ya kweli.

Hesabu ikishapita katika maswali hayo, barua inakuwa fupi na rahisi. Barua ya kweli kwa mwalimu wa somo haihitaji kujaza ukurasa. Ifuatayo ni sampuli yake kwa mfano tuliouona, ikifuata mtindo wa barua rasmi wa shule za Tanzania. Kenya mahali pa YAH huandikwa KUH.

Kidato cha Tatu B,
14 Machi.

Mwalimu wa Kemia,
Kidato cha Tatu.

Mwalimu,

YAH: OMBI LA KUSAHIHISHIWA UPYA SWALI LA 4(b)

Somo la barua hii lahusika. Naomba upitie tena jibu langu la swali la 4(b) katika jaribio la kemia la tarehe 10 Machi, ambalo nilipata alama 2 kati ya 6.

Sikuanza kwa kutafuta molariti ya Na₂CO₃. Nilianza na gramu zilizomo katika 25 cm³. Mstari wa kwanza uliokatwa ni ule wenye 0.1325 g. Namba hiyo nimeipata kwa kuwa 25 cm³ ni sehemu ya kumi ya 250 cm³, hivyo 1.325 g ÷ 10 = 0.1325 g. Hatua zilizofuata ni hizi:

Moli za Na₂CO₃ = 0.1325 ÷ 106 = 0.00125
Moli za HCl = 2 × 0.00125 = 0.0025
Molariti ya HCl = 0.0025 ÷ 0.0245 = 0.102 M

Nimerudia swali kwa fomula MaVa / MbVb = na / nb, nikitumia 0.05 M kwa Na₂CO₃, na nimepata 0.102 M vilevile. Ma × Va ni moli za asidi na Mb × Vb ni moli za besi (ujazo ukiwa katika dm³), kwa hiyo naona njia zote mbili zinalinganisha moli kwa uwiano wa 2 kwa 1.

Nimeambatisha karatasi yangu ya majibu kama ilivyorudishwa. Kama kuna hatua niliyopaswa kuionyesha na sikuionyesha, naomba unielekeze.

Wako mtiifu,
(sahihi na jina)

Sentensi inayobeba barua hii ni ile ya Ma × Va. Mwalimu anapoisoma anaona kwamba njia ya mwanafunzi si mpinzani wa fomula yake. Molariti ni moli kwa kila desimita ya ujazo, na ukiizidisha kwa ujazo unarudi kwenye moli. Fomula ya taitresheni, basi, ni sentensi moja iliyofupishwa: moli za asidi zikigawanywa kwa moli za besi zinatoa uwiano wa mlinganyo. Mwanafunzi aliifungua sentensi hiyo na kuandika kila kipande chake peke yake. Barua inayosema tu kwamba jibu langu ni sawa na la fulani inamwachia mwalimu kazi ya kuutafuta uhusiano huo mwenyewe, na jioni akiwa amechoka huenda asiutafute.

Jambo la pili lenye uzito ni kutaja mstari. Barua inasema mstari ule wenye 0.1325, na inaeleza namba hiyo ilitoka wapi. Hapo ndipo karatasi na mwongozo vilipoachana. Mwalimu akishakubali kwamba 0.1325 si nukta iliyohama, mistari iliyobaki haina cha kubishaniwa. Wanafunzi wengi huandika kwamba swali zima lilisahihishwa vibaya, na kwa kufanya hivyo wanaficha sehemu ndogo iliyokosewa ndani ya madai makubwa.

Karatasi iliyoambatishwa inatakiwa ibaki kama ilivyotoka kwa mwalimu. Hapa ndipo maombi mengi halali yanapoharibika. Mwanafunzi anaongeza kipimo kilichosahaulika, anaandika fomula pembeni kwa kalamu ya rangi ileile, au anaiweka vizuri nukta iliyokaa vibaya, akidhani anamrahisishia msomaji. Mwalimu aliyesahihisha karatasi hiyo mara nyingi hukumbuka nafasi iliyokuwa tupu, na wino uliokaa juu ya alama nyekundu huonekana. Tangu hapo mazungumzo hayahusu moli tena, yanahusu uaminifu. Maelezo yote ya ziada mahali pake ni kwenye barua.

Lugha ya barua inafuata desturi ya mahali. Kemia ya sekondari Tanzania na Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kwa hiyo shule nyingine hutaka barua ya shughuli za masomo iwe kwa lugha hiyo. Mwalimu asipoagiza hivyo, Kiswahili kinatosha, na alama za kikemia hazibadiliki. Barua haipelekwi kwa kuiacha juu ya meza. Mwanafunzi huenda na kuamkia, shikamoo mwalimu, akaeleza kwa sentensi moja kilichomleta, akaikabidhi barua na kuondoka bila kudai jibu papo hapo. Kusimama mbele ya darasa siku karatasi zinaporudishwa na kutangaza kwamba mwalimu amekosea humlazimisha mwalimu kuitetea kalamu yake mbele ya watoto, na hata mwalimu muungwana hupata shida kurudi nyuma hapo. Muda nao una maana: barua iliyofika kabla ya alama kuingizwa kwenye daftari la maendeleo inashughulikiwa na mwalimu wa somo peke yake, ilhali baada ya ripoti kutoka inabidi mwalimu wa taaluma naye ahusike.

Ombi lililoandikwa vizuri halina uhakika wa kurudisha alama zote nne. Mwalimu anayesahihisha upya ana haki ya kuuliza kila alama ilikuwa inapima nini. Alama mbili za molariti ya kaboneti zinahamia kwa haki kwenye hatua mbili za mwanafunzi, yaani kupata gramu za pipeti na kuzigeuza kuwa moli. Alama mbili za fomula zinahamia kwenye kuzidisha kwa uwiano na kugawa kwa ujazo. Lakini kama kwenye karatasi mwanafunzi aliandika 2 × 0.00125 bila kusema ni moli za nini, mwalimu anaweza kutoa alama tatu badala ya nne, na atakuwa sahihi. Barua inaeleza kilichokusudiwa, ila karatasi ndiyo inayosahihishwa. Anayeomba swali lipitiwe upya pia amelifungua lote. Kipimo kilichokosekana kwenye jibu la mwisho, ambacho hakikuonekana mara ya kwanza, kinaweza kuonekana sasa na kuondoa alama iliyokwisha kutolewa.

Mwalimu akikataa, jambo la kwanza kutazama ni sababu aliyoitoa. Akisema kwamba hatua fulani haikuonyeshwa, au kwamba swali lilitaka fomula, arudi kwenye karatasi na maneno ya swali, na mara nyingi jambo linaishia hapo. Akisema kwamba darasani tulifundishana fomula na si hivyo, kemia ya barua haijajibiwa, na mwanafunzi anaweza kumwomba ruhusa ya kuipeleka barua hiyohiyo kwa mkuu wa idara ya sayansi au mwalimu wa taaluma. Nakala isibadilishwe maneno, na mwalimu wa somo ajulishwe. Kumruka mwalimu kimyakimya huigeuza hesabu ya moli kuwa kesi ya nidhamu. Mitihani ya taifa haimo katika utaratibu huu. Karatasi zake hazirudi mikononi mwa mwanafunzi, na malalamiko yake hupitia shuleni kwenda kwa baraza la mitihani kwa taratibu za baraza lenyewe.

Kuna kazi moja inayobaki upande wa mwalimu baada ya kukubali. Njia iliyokatwa kwenye karatasi moja huenda imekatwa kwenye nyingine, za wanafunzi ambao hawakuandika barua kwa woga au kwa kudhani kwamba kweli wamekosea. Haki haijakamilika mpaka karatasi zote za swali hilo zipitiwe zikitafutwa 0.1325 na 0.00125, na mwongozo uongezewe mstari unaotoa alama kwa anayeanzia gramu na kufika kwenye molariti kupitia moli. Ni kazi ya nusu saa, na mwalimu aliyepokea barua ya namna hii anaombwa aifanye kabla alama hazijaingia daftarini.